Bima Inapotujua Mmoja Mmoja

Katika jumuiya ndogo ndogo nyingi kuna mfuko wa misiba. Tuseme kaya hamsini zinatoa shilingi 2,000 kila mwezi, na kaya inayofiwa inakabidhiwa shilingi 300,000. Kwa mwaka zinakusanywa shilingi 1,200,000, zinazotosha misiba minne. Hakuna anayemwambia mzee wa miaka themanini atoe zaidi ya kijana aliyefunga ndoa juzi, ingawa kila mmoja anajua ni nyumba ipi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kufiwa.

Mfuko huu unasimama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hatujui msiba wa mwaka huu utamwangukia nani. Ya pili husahaulika: kijana wa leo ndiye mzee wa kesho. Anapotoa sawa na mzee, anajiwekea nafasi ya kupokelewa kwa mchango uleule atakapozeeka. Makala hii inahusu kinachotokea pale kompyuta inapoipunguza ile sababu ya kwanza, na mkataba wa mwaka mmoja mmoja unapoifuta ya pili.

Kwanza, ndugu msomaji, tuwatendee haki wenye mifuko. Vikundi vingi vya kufa na kuzikana vina sharti kwamba mwanachama mpya asubiri miezi kadhaa kabla ya kuanza kunufaika. Wenye masharti hayo si wakatili. Bila sharti hilo, watu wangejiunga siku mgonjwa wao anapozidiwa, wachukue fedha na kuondoka. Hapa Tanzania tulishuhudia jambo hilo kwa ukubwa wa kitaifa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na Toto Afya Kadi, ambayo mzazi alilipia shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mzazi alikuwa na hiari ya kumsajili au kutomsajili. Wengi waliosajiliwa wakawa wale ambao wazazi wao walishajua kwamba wanahitaji matibabu, gharama zikaizidi michango, na mwaka 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia.

Kwa hiyo mwenye mfuko asipojua chochote huku mteja akijua mengi, mfuko unafilisika. Hii ndiyo sababu halali ya kampuni ya bima kutaka kumfahamu mteja wake. Swali ni afahamiwe hadi wapi.

Kwetu, bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari, mara nyingi 3.5. Gari la shilingi milioni 20 linalipiwa 700,000, awe analiendesha katekista mtaratibu au kijana anayeshindana na mabasi. Bei hiyo inaliangalia gari, haimwangalii dereva. Katika nchi zenye masoko makubwa ya bima kazi hii ilikwisha kubadilika zamani. Mtaalamu wa hesabu za bima, anayeitwa mtakwimu bima, huchukua kumbukumbu za miaka mingi na kuuliza maswali mawili kuhusu kila kundi la wateja: wanadai fidia mara ngapi, na dai moja kwa wastani ni kiasi gani? Kundi ambalo watu 5 katika 100 hudai kwa mwaka, na kila dai ni shilingi milioni mbili, lina gharama ya shilingi 100,000 kwa kila mtu. Juu ya hapo zinaongezwa gharama za uendeshaji na faida.

Zamani makundi hayo yalikuwa machache: umri, mji, aina ya gari, historia ya ajali. Kila sifa ilikuwa na namba yake ya kuzidishia, na mtu mwenye kalamu angeweza kuifuata hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Modeli zinazojifunza zenyewe hufanya kazi tofauti. Ile inayotumika sana hujenga miti midogo ya maamuzi, mamia kwa maelfu. Mti wa kwanza unauliza maswali machache na kukisia gharama; wa pili unafundishwa makosa ya wa kwanza; wa tatu makosa yaliyobakishwa na wawili hao, na kuendelea hivyo. Mwishoni modeli imegundua michanganyiko ambayo hakuna mtu angefikiria kuiandika: si vijana kwa ujumla, bali vijana wenye gari dogo la zamani, wanaoishi mtaa fulani, waliokata bima siku moja tu kabla ya ile ya zamani kuisha.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kwetu ni kubwa. Watengenezaji wa modeli hutaka kujua kama ile mpya inaishinda ya zamani. Hivyo huwapanga wateja kuanzia aliyekadiriwa hatari ndogo hadi aliyekadiriwa hatari kubwa, kisha huangalia hasara halisi zimerundikana kiasi gani upande wa juu. Kipimo kimoja kinachotumika kwa kazi hiyo ni Gini, kilekile ambacho wachumi hupimia pengo kati ya matajiri na maskini. Kwa mchumi, Gini ikipanda ni habari mbaya. Kwa mtengenezaji wa modeli, ikipanda anapongezwa, maana amefaulu kuwatenganisha watu vizuri zaidi.

Tufanye hesabu. Tuchukue mji wa kubuni wenye nyumba 1,000 kandokando ya mto. Mafuriko yakiingia katika nyumba, uharibifu ni shilingi milioni 10. Kila mwaka, kwa wastani, nyumba kumi huingiliwa na maji, kwa hiyo hasara ya mji mzima ni shilingi milioni 100. Kama hakuna anayejua zaidi ya hapo, kila kaya inalipa 100,000 (tunaacha gharama za ofisi) na kapu linatosha.

Sasa inakuja modeli iliyosoma ramani za mwinuko, umbali wa kila nyumba kutoka mtoni na madai ya zamani. Inaugawa mji mara tatu. Nyumba 800 za mlimani zina uwezekano wa 1 katika 400, yaani nyumba mbili kwa mwaka. Nyumba 150 za katikati zina uwezekano wa 2 katika 100, yaani nyumba tatu. Nyumba 50 za bondeni zina uwezekano wa 10 katika 100, yaani nyumba tano. Bei mpya zinakuwa 25,000 kwa watu wa mlimani, 200,000 kwa wa katikati, na 1,000,000 kwa wa bondeni.

Ukijumlisha unapata milioni 20, milioni 30 na milioni 50, na jumla ni milioni 100 ileile. Modeli haijazuia hata tone moja la maji. Kilichobadilika ni nani anayelipa. Na kaya ya bondeni, ambayo aghalabu ilijenga huko kwa sababu ardhi ilikuwa rahisi, inaambiwa ilipe kila mwaka sehemu ya kumi ya thamani ya kile kinachokingwa. Wengi wao wataacha bima. Mto hautaacha kufurika kwa sababu hiyo. Nyumba tano kwa mwaka zitaendelea kuharibika, ila milioni 50 hizo hazitaonekana tena kwenye vitabu vya kampuni. Zitaangukia kwa ndugu, kwa parokia na kwa serikali.

Tuongeze ukali kidogo. Tuseme modeli ijayo inaweza kuzitaja nyumba kumi zitakazofurika mwaka huu. Bei ya kila moja itakuwa milioni 10, sawa na hasara yenyewe, na nyumba nyingine 990 hazitakuwa na sababu ya kulipa. Bima imetoweka kabisa bila mtu yeyote kudanganya. Mchumi Mmarekani Jack Hirshleifer alilieleza jambo hili mwaka 1971: taarifa inayofika kabla watu hawajapata nafasi ya kukingana inaweza kuwaacha wote katika hali mbaya zaidi kuliko walivyokuwa, kwa sababu hatari iliyokwisha kujulikana haiwezi tena kugawanywa.

Je, kampuni yenye moyo mwema haiwezi kukataa kuitumia modeli hiyo? Peke yake haiwezi, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapolaumu tamaa tu. Kampuni ya kwanza imebaki na bei moja ya 100,000. Ya pili inatumia modeli na kuwapa watu wa mlimani bei ya 30,000. Kaya 800 zinahama. Ya kwanza inabaki na kaya 200 zenye hasara ya milioni 80, huku ikikusanya milioni 20 tu. Mwaka unaofuata inalazimika kutoza 400,000. Watu wa katikati, ambao gharama yao halisi ni 200,000, nao wanaondoka. Zimebaki kaya 50 za bondeni, na bei inafika 1,000,000. Kampuni iliyokataa kutenganisha watu imetenganishiwa na jirani yake, na imepoteza fedha njiani. Ndiyo maana suluhisho la tatizo hili, pale lilipopatikana, limekuwa la kanuni zinazowabana wote kwa pamoja.

Uingereza walilipitia jambo hili wakiwa macho. Kwa miaka mingi wenye nyumba za mlimani walikuwa wakiwachangia wa bondeni bila kujua, kwa sababu hakuna aliyeweza kupima hatari ya mafuriko nyumba kwa nyumba. Kampuni za bima zilikuwa pia na makubaliano na serikali ya kuendelea kuzikinga nyumba za maeneo hatarishi. Ramani na modeli za mafuriko zilipozidi kuwa za kina, ule mchango wa kimyakimya ukaanza kuyeyuka, na makubaliano yenyewe yalikuwa yanafikia mwisho mwaka 2013. Sheria ya maji ya mwaka 2014 ikafungua njia ya mfuko uitwao Flood Re, ulioanza kazi Aprili 2016.

Mfuko huo hufanya kazi ya bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima. Mwenye nyumba anakata bima kwa kampuni yake ya kawaida. Kampuni ikiona sehemu ya mafuriko ni nzito mno, inaikabidhi kwa Flood Re kwa bei maalumu inayotegemea daraja la kodi ya nyumba, si umbali wa nyumba kutoka mtoni. Fedha zinazopungua hujazwa na tozo inayolipwa na kampuni zote za bima za nyumba nchini, ambayo mwanzoni ilikuwa pauni milioni 180 kwa mwaka na mwaka 2022 ilishushwa hadi milioni 135. Tozo hiyo hatimaye hutoka mifukoni mwa wakata bima wote. Mchango wa mlimani kwa bondeni umerudi, tofauti ikiwa kwamba sasa una jina, kiasi na sheria.

Walioutunga walifikiria pia upande wa pili. Bei kubwa ina ujumbe: usijenge hapa. Ukiinyamazisha kabisa, watu watajenga mabondeni wakijua wengine watalipa. Kwa hiyo nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 2009 haziruhusiwi kuingia Flood Re, na mfuko wenyewe umewekewa mwisho, mwaka 2039, ili nchi iutumie muda huo kujenga kingo na kuimarisha nyumba. Sisi tunaona huo ni mgawanyo wenye busara: aliyekwisha kujenga kabla ya ramani kuwepo anabebwa, na anayejenga huku ramani iko mezani anajibeba.

Mgawanyo huo unatusaidia kujibu lini bei ya kina ni halali. Kifaa kinachofungwa kwenye gari na kurekodi mwendo kasi na breki za ghafla kinampandishia bei dereva mzembe, lakini pia kinampa njia ya kuishusha: aendeshe taratibu. Modeli hapa huenda ikapunguza ajali zenyewe, na si kuhamisha malipo tu. Binti aliyezaliwa na selimundu hana breki ya kulegeza. Bei inayopanda kwa sababu yake haimfundishi chochote.

Kuna hofu nyingine tunayodhani imetiwa chumvi. Wengine husema modeli zitaua bima zote. Kwenye ajali za magari hilo liko mbali. Modeli nzuri kabisa inaweza kusema kwamba katika kundi hili watu 4 kati ya 100 watadai na katika lile watu 9, lakini kuwataja hao tisa kwa majina haiwezi. Kutojua kunakobaki ni kwingi, na ndiko kunakokingwa na bima. Hatari ni kubwa zaidi kwa mambo yanayodumu na kuonekana mapema: nyumba iliyo bondeni, ugonjwa wa muda mrefu, asili ya kurithi.

Huko ndiko mkataba wa mwaka mmoja unapokuwa mwembamba. Mtu mwenye afya anakata bima Januari, anagundulika kisukari Juni, na matibabu ya mwaka huo yanalipwa vizuri. Januari inayofuata modeli inamsoma upya na kumpa bei ya mgonjwa wa kisukari. Alikingwa dhidi ya gharama za mwaka mmoja. Dhidi ya kugeuka kuwa mtu wa hatari kubwa hakukingwa kabisa. Bima za maisha za muda mrefu hulitatua hili kwa kufunga bei siku ya kwanza: kampuni ikishakupima ukiwa na miaka thelathini, haikupimi tena ukiugua. Ni ile sababu ya pili ya mfuko wa misiba, kijana anayejiwekea nafasi ya uzee wake, ikiwa imeandikwa kwenye mkataba.

Modeli nayo inaweza kukosea kwa namna inayojificha. Ikigawa watu katika vikundi vidogo mno, kijiji chenye madai matatu ya bahati mbaya kinageuka eneo hatarishi. Namna ya kubaini ni kuipa modeli madai ya mwaka ambao haijawahi kuuona, kisha kulinganisha ilichotabiri na kilichotokea, ngazi kwa ngazi ya bei. Mteja ana kipimo chake pia: kama bei ya nyumba ileile, isiyo na dai wala badiliko, inaruka juu na chini kila mwaka, inawezekana kinachopimwa ni kelele tu.

Njia rahisi ya kuilinda jamii huonekana kuwa kupiga marufuku sifa fulani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Machi 2011 kwamba bei za bima zisitofautishe wanawake na wanaume, na uamuzi ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Lakini modeli inayojifunza haihitaji safu iliyoandikwa jinsia. Kazi ya mtu, aina ya gari na saa za safari zinaweza kuirudisha jinsia kwa mlango wa nyuma, bila mtu yeyote kuamuru hivyo. Ukificha safu moja, hujaificha taarifa iliyomo ndani ya nyingine ishirini. Anayetaka marufuku ya kweli hana budi kuchunguza bei zinazotoka, si fomu zinazoingia tu.

Waholanzi walichukua njia tuliyoiona ya kuvutia zaidi. Katika mfumo wao wa bima ya afya ulioanza 2006, kila mkazi analazimika kuwa na bima, kampuni haiwezi kumkataa mtu katika kifurushi cha msingi, na kila anayechukua kifurushi kilekile cha kampuni ileile hutozwa ada moja, awe mzima au mgonjwa. Utabiri haujatupwa. Umehamishiwa nyuma ya pazia: mfuko wa pamoja hukadiria gharama za kila mtu kwa kuangalia umri, dawa anazotumia na magonjwa aliyonayo, kisha huilipa kampuni zaidi inapompokea mgonjwa. Modeli ileile ambayo ingempandishia bei mgonjwa wa figo inageuka kuwa sababu ya kampuni kutomkimbia. Kasoro ipo: pale makadirio yanapopungukiwa na gharama halisi za kundi fulani, kampuni inapata tena kishawishi cha kulikwepa kundi hilo kwa ujanja, kwa mfano kwa kutangaza zaidi kwa vijana. Kwa hiyo hesabu hurekebishwa kila mara. Mfumo huo pia unategemea sharti la lazima kwa wote. Ukiliondoa, unarudi kwenye Toto Afya Kadi.

Kwa parokia na vikundi vinavyoletewa mikataba ya bima ya pamoja, tungependekeza maswali mawili kabla ya sahihi. Je, bei ya mwaka ujao itapangwa kwa kundi zima au kwa kila mwanachama kulingana na alivyougua? Na mwanachama atakayeugua mwaka huu, kampuni ina haki ya kumwondoa mwakani huku ikibaki na wenzake? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na yasiishie mdomoni mwa wakala.